Kutoka Kifaransa hadi jukwaani: kwa nini tamthilia iliyotafsiriwa vizuri kitabuni inaweza kumshinda mwigizaji mdomoni

Tamthilia ya Kifaransa inapoigizwa kwa Kiswahili, kuna malalamiko ambayo huyakosi mwishoni: waigizaji walikuwa wazuri, hadithi ilieleweka, lakini "hakuna mtu anayeongea vile". Wengine humlaumu mwigizaji kwa kukariri. Wengine huilaumu lugha yenyewe, wakidai Kiswahili sanifu hakina ladha ya mazungumzo. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa. Kosa liko kwenye kazi iliyofanywa mezani, miezi kadhaa kabla ya pazia kufunguliwa, na mtu aliyetafsiri kana kwamba anamtafsiria msomaji.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno machache. Tafsiri ya kusomwa ni ile ambayo mtu ataishika mkononi, atasoma kwa kasi yake, na akikwama atarudi nyuma au atatazama tanbihi. Tafsiri ya jukwaani ni ile ambayo hadhira itaisikia mara moja tu, kutoka mdomoni mwa mtu anayetembea, anayelia au anayemkimbiza mwenzake. Sentensi ya jukwaani ni kama namba ya simu unayotajiwa na mtu aliye kwenye basi linaloondoka: usipoishika palepale, imekwenda. Neno la tatu ni "maneno ya kando", yaani yale ambayo mhusika huyasema peke yake huku hadhira ikiyasikia na mhusika mwenzake akichukuliwa kuwa hayasikii. Waandishi wa Kifaransa wa karne ya 17 waliyatumia sana, na tutayahitaji baadaye.

Badala ya kuzungumzia tamthilia zote, nitashika moja na kukaa nayo: L'Avare, yaani Bahili, ya Molière, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi Septemba 1668. Molière mwenyewe aliigiza nafasi ya Harpagon, mzee tajiri anayeipenda fedha yake kuliko watoto wake. Nimeichagua kwa sababu imeandikwa kwa nathari. Tamthilia nyingine nyingi za enzi ile ni za mashairi ya mizani 12 kwa mstari, na huko mfasiri ana mzigo wa pili juu ya huu. Hapa hakuna vina wala mizani ya kusingizia. Ukishindwa, umeshindwa na mazungumzo yenyewe.

Tuanze na jambo linaloonekana jepesi. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la tano, Harpagon anataka kumwoza binti yake, Élise, kwa mzee mwenye mali aitwaye Anselme. Valère, kijana msimamizi wa nyumba, anampenda Élise kwa siri, lakini lazima ajifanye anakubaliana na bwana wake. Kila Valère anapotoa hoja ndefu na ya adabu dhidi ya ndoa hiyo, Harpagon anamjibu kwa maneno mawili yaleyale: "sans dot". Neno "dot" ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni mahari. Kwa hiyo mfasiri anaandika "bila mahari", anaridhika, anaendelea.

Hapo ameshaiua tamthilia. Katika Ufaransa ya Molière, "dot" ilikuwa mali ambayo baba wa binti alimpa mume. Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Hadhira ya Kiswahili ikimsikia bahili anashangilia kumtoa binti yake "bila mahari", itamwona ni baba anayekataa kupokea mali. Yaani ni kinyume kabisa cha bahili! Watu hawatacheka, watajiuliza kama wamesikia vibaya, na wakati wanajiuliza, mistari mitano itakuwa imepita.

Kitabuni ungeweka tanbihi. Jukwaani hakuna pa kuiweka, kwa hiyo maelezo lazima yaingie ndani ya mazungumzo, tena mapema, kabla kichekesho hakijaanza. Mara Harpagon anapomtaja Anselme, mpe sentensi moja ya ziada: "Baba mwingine angempa mume mali ndipo amchukue binti. Huyu hataki kitu. Anamchukua bure." Molière hakuandika sentensi ya kwanza kwa sababu hadhira yake iliijua desturi hiyo. Kuiongeza hakupotoshi kitu. Kunamrudishia msikilizaji wetu kile ambacho msikilizaji wa Paris aliingia nacho ukumbini.

Sasa tuna neno: "bure". Tulipime kwa sikio. "Sans dot" ina silabi mbili na inakatika ghafla kama mlango unaofungwa. "Bila mahari" ina silabi tano. Hata kama maana yake ingekuwa sahihi, isingeweza kazi, kwa sababu kichekesho kinategemea tofauti ya urefu: Valère anajenga ghorofa la maneno, Harpagon analibomoa kwa pigo moja. "Bure" ina silabi mbili, mkazo uko kwenye ya kwanza, na mwigizaji anaweza kuitamka kwa minong'ono, kwa kelele, kwa furaha au kwa kushangaa bila kuibadilisha. Zaidi ya hapo inabeba maana ya pili ya kitu kisicho na faida, kwa hiyo kila Harpagon anapojisifu, sikio la hadhira linasikia pia hukumu juu yake. Kifaransa hakina maana hiyo ya pili hapa. Wapo watakaosema tumeongeza. Mimi nasema tumelipwa fidia ya vile tutakavyovipoteza kwingine, na katika kazi hii fidia ya namna hiyo haikataliwi.

Lakini pigo halina nguvu kama ghorofa limejengwa vibaya. Hoja ya kwanza ya Valère, ikitafsiriwa neno kwa neno, inatoka hivi: "Ni kweli kwamba binti yako anaweza kukueleza kwamba ndoa ni jambo kubwa kuliko inavyoweza kudhaniwa; kwamba inahusu kuwa na furaha au kutokuwa na furaha kwa maisha yake yote; na kwamba ahadi ambayo inapaswa kudumu hadi kifo haipaswi kufanywa isipokuwa kwa tahadhari kubwa." Hakuna kosa la sarufi hapo. Mwalimu angeipa alama nzuri. Sasa isome kwa sauti huku unatembea. Utavuta pumzi katikati ya "kutokuwa na furaha", na ukifika kwenye "isipokuwa" aliyekaa mstari wa nyuma ameshasahau ndoa ilitajwa na nani.

Kifaransa kinaweza kuning'iniza vishazi vitatu kwenye kitenzi kimoja kwa sababu kiunganishi chake ni silabi moja fupi, nusu yake imemezwa. "Kwamba" ni neno zima, na "ambayo" ni refu zaidi. Ukiziweka tatu mfululizo, msikilizaji anasikia viunganishi badala ya hoja. Dawa yake ni kumpa Élise sauti ndani ya sentensi, kama tunavyofanya tunaposimulia maneno ya mtu:

"Kweli, binti yako anaweza kusema: baba, ndoa si jambo dogo. Ukipata, umepata raha ya maisha. Ukikosa, ni majuto mpaka kaburini. Fungo la namna hiyo halifungwi kwa haraka."

"Bure."

Hoja ni ileile, mpangilio ni uleule wa kupanda ngazi, lakini sasa kila sentensi inamalizika kabla pumzi haijaisha. Tazama pia kwamba "haraka" limewekwa mwisho, maana ndilo analolijibu Harpagon. Mwigizaji anayesubiri zamu yake hushika neno la mwisho la mwenzake. Ukilizika katikati ya sentensi, ataingia amechelewa usiku baada ya usiku, na watu watasema hana wepesi.

Baada ya marudio kadhaa, Valère mwenyewe analichukua neno hilo na kulifanya wimbo wa sifa mbele ya Harpagon. Hapo "bure" linalipa deni lote: "Mtu akijitolea kumchukua binti bure, usitazame kingine. Bure ndiyo uzuri, bure ndiyo ujana, bure ndiyo ukoo, heshima, busara na uaminifu." Kama mwanzoni tungechagua maneno marefu, mstari huu usingeweza kusemwa kwa pumzi moja.

Kabla ya kuingia kwenye tatizo gumu zaidi, niondoe imani mbili zinazoleta vurugu.

Ya kwanza inasema kwamba ili mazungumzo yasemeke lazima yawe ya mtaani. Si kweli. Lugha ya vijana wa mwaka huu itakuwa imechakaa kabla tamthilia haijarudiwa, na Harpagon akizungumza kama kijana wa kijiweni, umri wake na mamlaka yake vinayeyuka. Hakuna neno hata moja la mtaani katika hoja ya Valère hapo juu. Kusemeka ni suala la mpangilio na pumzi kuliko aina ya msamiati.

Ya pili inahusu heshima. Kifaransa kina "tu" na "vous", na watu hudhani "vous" ni "ninyi". Mwite Harpagon "ninyi" na hadhira itageuka kumtafuta mtu wa pili jukwaani. Katika Bahili, Harpagon humwita Valère "tu", naye Valère humjibu "vous", mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kitawapa wote wawili "wewe", kisha tofauti ibebwe na vitu vingine: "bwana" mdomoni mwa Valère, jina tupu mdomoni mwa Harpagon, "naomba unisikilize" upande mmoja, "sikiliza" upande wa pili. Kwa binti na baba kazi ni rahisi na tamu. Élise anakataa ndoa kwa unyenyekevu, na baba anamrudishia maneno yake kwa kejeli. "Samahani, baba, sitaki kuolewa." "Samahani, mwanangu, nataka uolewe." Jozi hiyo inasimama vizuri kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuifikiria.

Sasa twende sehemu ya tano, onyesho la tatu. Hapa ndipo ninapopima kila tafsiri ya Bahili. Kasha la fedha ambalo Harpagon alilizika bustanini limeibwa. Hadhira inajua mwizi ni nani kwa sababu ilimwona akitoka nalo. Harpagon, kwa uongo aliopewa na mtumishi mwingine, anaamini ni Valère. Anamkabili na kumtaka aungame. Valère anadhani siri iliyofichuka ni mapenzi yake kwa Élise, kwa hiyo anaungama. Kwa muda mrefu wanazungumza, mmoja akimaanisha kasha na mwingine akimaanisha msichana, na hakuna anayegundua.

Kwa Kifaransa hila hii haina gharama. Neno la kasha, "cassette", ni la jinsi ya kike, na kiwakilishi "elle" kinamfaa msichana na kasha sawasawa. Kiswahili hakina jinsi ya kike, ila kina ngeli, na ngeli haziwezi kutunza siri. Msichana ni "yuko wapi". Kasha ni "liko wapi". Kisanduku ni "kiko wapi". Fedha ni "ziko wapi". Silabi ya kwanza tu ya swali la Harpagon inamwambia Valère kwamba hazungumzii mtu. Onyesho lote linakufa pale pale, na mwigizaji wa Valère anabaki akijifanya hajasikia neno ambalo ukumbi mzima umelisikia.

Nusu ya kwanza ya onyesho ina njia rahisi. Wahusika bado wanazungumzia tendo badala ya kitu, na "jambo", "kosa" na "kitendo" vinawafaa wote wawili. Tena kuna zawadi. Harpagon anaita kasha lake damu yake, na kwetu "damu yangu" ni mtoto hata bila kuambiwa. Anaposema "Umenichukulia damu yangu!" na Valère akajibu "Damu yako, bwana, haikuangukia mikono mibaya", kila mmoja yuko sahihi katika mawazo yake, na ngeli ni moja.

Ugumu unaanza Harpagon anapouliza kasha liko wapi. Suluhisho linalokuja haraka ni "hazina": "Hazina yangu iko wapi?" Mtu anaweza kumwita msichana hazina ya baba yake. Kwa mstari mmoja au miwili inafaa. Ila Valère akiendelea kusema "naipenda" na "niliitazama" akimaanisha binadamu aliye hai, hadhira itaanza kuuona mkono wa mfasiri. Binadamu hawezi kuvaa ngeli ya kitu kwa dakika tatu.

Njia ninayoiamini inakwenda upande wa pili: badala ya kumshusha msichana kwenye ngeli ya kitu, mpandishe kasha kwenye ngeli ya mtu. Molière mwenyewe ameacha mlango wazi. Mwishoni mwa sehemu ya nne, Harpagon akiwa amepagawa baada ya wizi, anaiita fedha yake rafiki mpenzi na kuzungumza nayo moja kwa moja. Mfasiri azidishe kidogo pale: "Kipenzi changu! Wamekutoa kwangu, kipenzi changu!" Hadhira ikishazoea kwamba kwa mzee huyu fedha ni mtu, "yuko wapi" haitaishangaza tena ikitoka kinywani mwake. Mistari inakuwa hivi:

HARPAGON: Sema, kipenzi changu umempeleka wapi?

VALÈRE: Mimi? Sijampeleka popote. Yumo humu humu nyumbani kwako.

HARPAGON (kando): Ee kasha langu! (Kwa sauti) Hajatoka nje ya nyumba hii?

VALÈRE: Hajatoka, bwana.

HARPAGON: Na hukugusa?

VALÈRE: Nimguse? Mimi? Unamkosea yeye, unanikosea na mimi. Nimempenda kwa mapenzi safi, yenye heshima.

HARPAGON (kando): Amempenda? Kasha?

VALÈRE: Heri nife kuliko kumwonyesha wazo baya. Ni mwadilifu mno.

HARPAGON (kando): Mwadilifu! Kasha!

VALÈRE: Nilitaka kumtazama tu. Yale macho yake mazuri...

HARPAGON (kando): Macho mazuri! Kasha!

Mambo matatu hapo yanastahili kuelezwa. "Hukugusa" halina kiambishi cha mtendwa. Sarufi inaruhusu kukiacha tunapozungumzia kitu, na Harpagon anafikiria kitu. Valère anajibu "nimguse", na hiyo "m" ndiyo mara ya kwanza masikio makali ukumbini yanapata kicheko kabla ya wengine. Katika Kifaransa kicheko kinatoka kwenye maana peke yake. Kwetu kinatoka pia kwenye sarufi, na ngeli iliyokuwa adui sasa inafanya kazi upande wetu.

Pili, Valère wa Kifaransa anasema amewaka kwa ajili yake. Nimeiacha picha ya moto kwa makusudi. Kwetu mtu aliyewaka kwanza husikika amekasirika, na katika onyesho la ugomvi maana hiyo ingetangulia ile ya mapenzi.

Tatu, angalia "kasha" limekaa wapi. Tafsiri ya karibu zaidi na asilia ni "Macho mazuri ya kasha langu!" Nayo ina mkia. Neno la kichekesho ni "kasha", lakini "langu" linafuata, na katika usemi wetu sauti hushuka kuelekea mwisho wa kauli. Watu wanaanza kucheka kwenye "kasha" huku mwigizaji bado anasema "langu", kisha Valère anaingia juu ya kicheko na mstari wake unapotea. Kiswahili huweka vivumishi na vimilikishi nyuma ya nomino, kwa hiyo mkia wa namna hii utajitokeza mara nyingi. Usipokatwa mezani, mwigizaji mwenye uzoefu ataukata mwenyewe kwenye mazoezi, na ni vizuri kumtazama akifanya hivyo.

Hilo linanileta kwenye upimaji. Rasimu ya kwanza inaandikwa kwa uaminifu wa maana, neno kando ya neno, ili usisahau kilichopo. Rasimu ya pili unaiandika huku unasema kwa sauti, kitabu cha Kifaransa kikiwa kimefungwa. Kisha waigizaji wanakaa mezani na kusoma, na mfasiri anaweka karatasi chini, anasikiliza tu. Dalili za ugonjwa ziko wazi. Mwigizaji akivuta pumzi mahali ambapo maana haijakamilika, sentensi ni ndefu. Akikosea neno lilelile kila mara, mara nyingi neno analoliweka kwa bahati mbaya ndilo Kiswahili chenyewe, liandike. Akianza kuongeza "eti", "sasa" au "basi" mwanzoni mwa mistari, anajaribu kuunganisha mazungumzo ambayo mfasiri aliyaacha yakiwa vipande. Baada ya hapo mkaribishe mtu asiyejua hadithi, asiyeshika karatasi, umwombe asimulie alichosikia. Pale anaposema "sikuelewa binti au fedha" katika onyesho hili la sehemu ya tano, usifurahi wala usisikitike kabla hujamuuliza kama alijua kwamba Valère hajui. Hadhira lazima ijue zaidi ya wahusika wote wawili. Ikichanganyikiwa pamoja nao, hakuna kicheko.

Usomaji wa mwisho una kazi moja mahususi katika onyesho hili: kulitafuta neno "binti". Utata unavunjika pale Valère anapomtaja binti wa Harpagon waziwazi, na Harpagon anashangaa binti yake ameingiaje kwenye habari ya kasha. Neno hilo likimponyoka mwigizaji mistari kumi mapema, hakuna wa kuliokoa onyesho. Ndiyo maana kwenye nakala za waigizaji mistari hii hupigiwa alama: kwingine wanaweza kuongeza au kupunguza kadiri usiku unavyowapeleka, ila kuanzia "kipenzi changu umempeleka wapi" hadi "binti yako", hata kiambishi kimoja kisibadilishwe.